Simu Iliyo Wazi Mfukoni

"Uko wapi?"

Kipini aliisoma meseji akiwa amesimama mlangoni kabisa pa karakana ya ushonaji, mkono mmoja umeshika kitasa. Lokesheni yake ilikuwa inawaka kwenye simu ya mchumba wake tangu alipotoka nyumbani. Mwenye akili zake angejiuliza, mtu unamwona kwenye ramani alipo, unamuuliza uko wapi ya nini? Kipini alishaacha kujiuliza. Akaandika haraka haraka, "Nimefika kazini mpenzi."

"Picha."

Akaupiga picha mlango, akatuma.

"Hiyo inaweza kuwa ya jana. Miguu ionekane. Viatu ulivyovaa leo navijua."

Akarudi nyuma kidogo, akainamisha simu, akaupiga picha mlango pamoja na viatu vyake, wapita njia wakimtazama kama mtu aliyedondosha sindano. Tiki zikawa bluu papo hapo. Likaja kopa jekundu, na chini yake maneno: "Kazi njema malkia wangu. Usiwe unanitia wasiwasi."

Hapo ndipo Kipini akavuta pumzi, akaingia ndani.

Jina hilo la Kipini alipewa na wenzake kwa sababu ya kipini kidogo cha puani alichokuwa nacho tangu utoto. Alikuwa binti mwembamba, mwenye mikono mizuri ya kazi, na gauni la harusi likishapita kwake halirudi kurekebishwa. Harusi yake mwenyewe ilikuwa mwezi unaofuata. Mchumba alikuwa msoma mita wa idara ya maji, kijana msafi, mpole wa kauli, anayejulikana mtaa kwa mtaa kwa sababu kazi yake ni kuingia nyua za watu na kufunua vifuniko vya mita. Wazee aliwaamkia kwa kuinama. Mama mdogo wa Kipini, aliyemlea baada ya mama yake mzazi kufariki, alikuwa akisema, "Mwanangu, Mungu amekuokotea dhahabu barabarani."

Na mwanzoni ilikuwa hivyo kweli. Meseji ya asubuhi, meseji ya mchana, umekula, umefika, pole na kazi. Nani asiyependa kuulizwa kama amekula? Siku moja akamwambia, "Washa lokesheni ukitoka, nijue umefika salama, njia zenyewe hizi." Akawasha. Lokesheni hiyo huisha muda wake baada ya saa kadhaa, lazima uiwashe upya, na siku aliyosahau kuiwasha upya alipigiwa simu mfululizo mpaka chaji ikakata. Alipofika nyumbani alimkuta kijana amekaa kibarazani, macho mekundu. "Nilidhani umekufa," alisema. Kipini akamwonea huruma. Akaomba radhi. Kuomba radhi kule ndiko kulikomponza, kwa sababu kuanzia siku ile ikawa kosa ni lake, na wasiwasi ule wa mwenzake ukawa mzigo wake yeye kuubeba.

Baadaye yakaja mengine, moja moja, taratibu, kama mtu anayekaza skrubu. "Mbona umeonekana onlaini na hukunijibu?" "Ulikuwa unaongea na nani?" "Yule binamu yako wa kiume anapendapenda picha zako, mfute." Akamfuta. "Marafiki zako wale hawana adabu." Akaacha kuwatembelea. Akichelewa kujibu hutumiwa alama za kuuliza tu, mstari mzima. Akijibu kwa ukali kidogo, mwenzake hunyamaza siku nzima, halafu huandika, "Nikifa usije kunizika." Akijibu kwa upole, huletewa maua ya plastiki na kuitwa malkia. Kipini alikuwa hajui tena asubuhi ataamka na yupi.

Lililomtisha kupita yote lilitokea juzi, alasiri. Alimwandikia mama mdogo maneno mawili tu: "Mama naogopa." Kabla mama mdogo hajaiona, Kipini akaingiwa na aibu, akaifuta kabisa kwa pande zote mbili. Hata hajaiweka simu chini, ikaingia meseji ya mchumba:

"Unaogopa nini, kipenzi?"

Nywele zilimsimama. Akageuka kutazama dirishani, akatazama mlangoni, akainua hata pazia. Hakuna mtu. Akakaa kitandani, akajiambia labda huyu mtu ana uchawi. Tangu hapo hakuandika tena neno la siri, kwa yeyote. Hata akisali, alisali kimoyomoyo, midomo imefumbwa, simu ikiwa chumba cha pili.

Sasa, pale karakana palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Mlangoni pa chumba cha vipimo kulikuwa na kikapu kikubwa cha ukindu chenye kifuniko, na kila simu, ya fundi na ya mteja, hulala humo kabla ya mtu kuvuka pazia. Mama Fundi, mwenye karakana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa akiwaambia wateja, "Humu ndani mtu anavua. Simu ina jicho. Jicho likae kapuni." Wakubwa kwa wadogo walitii.

Lakini kupima gauni la harusi si kazi ya dakika moja. Kipini alipokuwa ndani na pini mdomoni, simu yake kapuni ilikuwa ikitetemeka kama panya aliyenaswa. Mkata vitambaa, ambaye wote walimwita Kicheko, meza yake ilikuwa karibu na kikapu. Pale karakana walikuwa na desturi ya kufichiana: mmoja akichelewa, wenzake humwambia mteja msumbufu kwamba fundi ametoka kununua vifungo. Kicheko akaona hili nalo ni la namna hiyo hiyo.

"Nipe namba yako ya siri, shoga," alisema asubuhi ile. "Akiuliza nitamjibu mimi. Niko kazini mpenzi, nakupenda mpenzi, nimemeza pini mpenzi. Kwani kuna mtihani?"

Kipini alisita. Halafu, kwa kuwa mteja alikuwa ameshavua, akampa.

Mtihani ulikuwepo. Mambo yalikwenda vizuri meseji ya kwanza na ya pili. Ya tatu iliuliza, "Jana tuliagana vipi?" Kicheko akaandika, "Kwa mabusu kama kawaida," akacheka peke yake. Ikaja nyingine: "Piga picha mkono wako wa kushoto sasa hivi. Vidole vitatu juu." Kicheko akatazama pazia, akasikia mteja analalamika kiuno kinabana, akaona asiwasumbue. Akainua mkono wake mwenyewe, vidole vitatu, akapiga, akatuma.

Jibu lilikuwa fupi. "Huo si mkono wako."

Kisha hakuandika tena kitu.

Kipini alipotoka na kusoma, rangi ilimtoka. Kicheko alikuwa akijitetea, "Jamani, mkono si mkono tu?" lakini Kipini hakumsikia. Alikuwa anautazama ule ukimya. Meseji zake zilikuwa zinaogofya, lakini mtu yule akinyamaza, ujue yuko njiani.

Na kweli. Haukupita muda akaingia, na kreti ndogo ya soda begani, anatabasamu. "Shikamoo Mama. Nilikuwa napita mtaa wa huku, nikasema nisiwaache mafundi wa malkia wangu na kiu." Mama Fundi akafurahi, wanawake wakapiga vigelegele, wakamtania shemeji aje kila siku. Aligawa soda kwa mikono yake, na kila aliyempa alimtazama vidole. Alipofika kwa Kicheko aliitazama rangi ya kucha zake, akamwachia chupa taratibu. "Karibu, shemeji," alimwambia. Kicheko hakucheka.

Halafu akamwomba Kipini watoke kibarazani kidogo. Alimshika mkono kama watu wanaopendana. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya mfupa wa kifundo, na kilikandamiza mpaka Kipini akahisi machozi, wakati uso wa mtu yule ukiendelea kutabasamu kwa ajili ya wapita njia.

"Umenidhalilisha," alisema kwa sauti ya chini. "Umempa mtu mwingine anichezee."

"Nilikuwa napima..."

"Sikuuliza. Kuanzia kesho hakuna kapu. Nitakupigia asubuhi, utapokea, utaiweka simu mfukoni mwa aproni ikiwa wazi. Kifurushi nimeshakuunga. Nikikuita unaitika. Tukishaoana kazi hii utaiacha, kwa hiyo ni wiki chache tu za kuvumiliana. Unanipenda?"

"Nakupenda."

"Basi huna cha kuficha."

Kesho yake Kipini aliingia karakana hakusalimia mtu. Alikaa kwenye cherehani yake, mfuko wa aproni umetuna. Kicheko alimwendea na kuanza, "Shoga, nisamehe kwa jana, huyo bwana wako ana macho ya..." Kipini akaweka kidole mdomoni, uso umemharibika. Kutoka ndani ya aproni ikasikika sauti ndogo, kavu:

"Macho ya nini?"

Cherehani zote zilisimama. Hata yule aliyekuwa anapiga pasi aliinua pasi hewani.

Ni ajabu jinsi uoga wa mtu mmoja unavyoenea kwa watu wote. Asubuhi ile hakuna aliyetania, hakuna aliyesimulia mambo ya mume wala ya mtoto. Zilisikika cherehani tu. Kila baada ya kitambo sauti ile iliita, "Mpenzi?" na Kipini aliitika, "Naam," bila kuinua kichwa. Kule aliko msoma mita alikuwa na visikilizi masikioni, anaingia nyua za watu, anafunua vifuniko, anaandika, na waliomwona walidhani anasikiliza muziki.

Mama Fundi alifika baadaye, akaona hali, akakunja uso. Mteja wa kwanza alikuwa anakaribia. "Kipini, simu kapuni," alisema kwa sauti yake ya kengele.

Kipini akatikisa kichwa. Akaugusa mfuko.

Mama Fundi akafungua kinywa amkemee, kisha akakifunga. Alimtazama binti yule muda mrefu: kifundo cha mkono chenye alama ya bluu, macho yanayokimbilia mlangoni. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akatandaza juu ya meza kitambaa cheusi cha suti. Akatoa chaki ya ushonaji nyuma ya sikio, alikozoea kuichomeka.

"Hii kola naitaka isimame wima," alisema kwa sauti, na huku anaandika kwa chaki nyeupe juu ya kitambaa: *Anasikia?*

Kipini akaitikia kwa kichwa.

"Na bega lisidondoke. Mteja huyu ni mtu wa maringo." *Siku zote?*

Kipini akachukua chaki. Aliandika haraka, herufi zikapinda. *Leo. Lakini ananiona nilipo kila siku. Anasoma meseji zangu. Sijui anasomaje.*

"Nimekuelewa Mama," alisema kwa mdomo. "Bega lisidondoke."

Mama Fundi akafuta kwa kiganja, akaandika tena. *Umeogopa?*

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo kwa nia njema. Mwezi baada ya mwezi watu walimwuliza gauni lake litakuwa na mkia mrefu au mfupi, wageni watakuwa wangapi. Kipini alilitazama neno lile kwenye kitambaa cheusi kama mtu anayetazama jina lake. Akaandika, *Sana.* Chozi likadondokea chaki, likafanya doa.

Kicheko, aliyekuwa amesimama nyuma yao anasoma, akaelewa kila kitu kwa mara moja, na akafanya kazi anayoiweza. Akaanza kusimulia kwa sauti kubwa habari za mteja mmoja aliyetaka gauni la kumficha tumbo halafu akataka mkanda wa dhahabu juu ya tumbo lile lile, na wanawake wote, nao wameshaelewa, wakacheka kicheko kikubwa cha uongo, huku wanafuta macho.

*Harusi unaitaka?* Mama Fundi aliandika chini ya kelele ile.

Hapo Kipini alikaa na chaki. Alimfikiria mama mdogo na furaha yake. Aliwafikiria ndugu walioalikwa. Alifikiria pia chumba kitakachofungwa kwa ndani, bila kikapu, bila Kicheko, bila mlango wa pili. Akaandika, *Sitaki.*

"Haya," Mama Fundi akasema kwa sauti. "Mteja wa gauni la harusi amefika. Mwambie mwenzio unaingia, asije kuona humjibu akakasirika bure." Na kwenye kitambaa: *Simu ibaki hapa. Sisi tunatoka nyuma.*

Kipini akainamia aproni. "Mpenzi, naingia kupima. Simu naiacha kwenye cherehani, iko wazi, utasikia. Kule ndani simu hairuhusiwi."

"Muda gani?"

"Gauni lina vifungo vingi vya mgongoni."

Sindano ya cherehani ya jirani ilikuwa inapanda na kushuka. "Sikati," sauti ikasema. "Harakisha."

Akavua aproni, akaitundika kwenye kiti. Kicheko akakikalia kile kiti yeye, akabonyeza kanyagio, cherehani ikaanza kulia, na lokesheni ya Kipini ikabaki pale pale karakana kwenye ramani, imetulia kama mtu anayefanya kazi.

Walitoka mlango wa nyuma, Mama Fundi amebeba gauni jeupe ndani ya mfuko wake mrefu wa nailoni, akiliinua juu ili Kipini atembee nyuma yake. Mtu akiwaona atadhani wanapeleka gauni kwa mteja. "Tunakwenda dawati la kina mama pale kituo cha polisi," alinong'ona. "Kuna afande mmoja huwa namshonea sare. Usitazame pembeni, mwanangu. Tazama kisigino changu."

Kipini alitazama kisigino. Walipinda kona ya duka la mbao, wakashika mtaa mrefu wenye kuta, na hapo Mama Fundi akapunguza mwendo ghafla, akalisogeza lile gauni upande wa kulia.

Alikuwa ng'ambo ya barabara. Amechuchumaa ukutani mwa nyumba ya watu, kifuniko cha mita kimefunuliwa, kofia ya kazi kichwani, pikipiki yake kando, nyaya za visikilizi zinaning'inia. Mgongo wake ulikuwa kwao. Kichwa chake alikiinamisha kidogo upande, kama anavyofanya mtu anayesikiliza kwa makini sana. Alikuwa anaisikiliza cherehani. Alikuwa anamsikiliza yeye, na yeye alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kuona jasho shingoni mwake.

"Mpenzi?" alisema msoma mita, akiwa anaandika namba.

Kipini nusura aitike. Neno "naam" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limezoea. Mama Fundi alimshika mkono, si pale penye alama, juu zaidi, na kumvuta. Wakatembea. Nailoni ya gauni ilikuwa inapiga kelele kama moto wa makuti. Alisali bila maneno, alisali kwa hatua tu, mpaka wakapinda kona nyingine na ukuta ukawaficha, na hapo akainama kando ya mtaro akatapika.

Afande alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, chumba chake kidogo kina benchi na feni mbovu. Hakuanza kwa kuandika. Aliwapa maji, akafunga mlango, akauliza taratibu, na Kipini akaeleza yote: picha za viatu, lokesheni, vidole vitatu, simu wazi, kifundo cha mkono. Alitarajia kuambiwa hayo ni mambo ya wapenzi, nendeni mkazungumze. Afande akasema tu, "Na ile ya meseji uliyofuta. Kabla ya siku hiyo, aliwahi kuichukua simu yako?"

Kipini akafikiri. "Alinisaidia kuweka picha yetu kwenye skrini. Alikaa nayo kidogo."

"Basi si uchawi, mdogo wangu. Simu yako ikishaunganishwa na kompyuta, hata mara moja tu, tangu hapo kila unachoandika kinatokea na kule, hata ukikifuta wewe, yeye keshakisoma. Ukifungua mipangilio utakuta vifaa vilivyounganishwa. Chake tutakiona, tutakipiga picha, ndipo tukitoe. Lakini si sasa."

"Kwa nini si sasa?" Mama Fundi akauliza. "Mimi ningeivunja hiyo simu kwa nyundo."

"Kwa sababu ukikitoa, au ukizima lokesheni, atajua dakika hiyo hiyo. Watu wa namna hii hatari yao kubwa ni pale wanapohisi mtu anaondoka. Kwanza tujue utalala wapi, mahali asipopajua yeye. Nani mwingine yuko nyumbani kwako? Unao wazazi?"

"Mama mdogo."

"Anamjua?"

"Anampenda kama mwanawe," Kipini akasema, na hapo hapo simu ya Mama Fundi ikalia, wote wakashtuka.

Alikuwa Kicheko, anahema. "Mama, amekuja! Aliita mara tatu hakuitikiwa. Ameingia ameona mimi ndiye niko kwenye kiti. Hakusema kitu. Amefunua pazia la chumba cha vipimo, mteja akapiga yowe, akaondoka. Simu ya Kipini ninayo, nimeitia kifuani, atanichinja kwanza."

"Usifute kitu humo," afande alisema kuelekea simu. "Wala usimjibu. Funga milango, kaeni pamoja. Natuma mtu."

Akatoka kuagiza gari. Kipini alibaki amekumbatia magoti yake kwenye benchi. Alijua anakokwenda mtu yule. Alijua kama vile anavyojua njia ya nyumbani. Na simu ya Mama Fundi ilipolia tena, jina la mama mdogo juu ya skrini, hakushangaa.

"Fundi, mwanangu yuko na wewe?" Sauti ya mama mdogo ilikuwa ya mtu aliyelia. "Kijana yuko hapa sebuleni kwangu, analia kama mtoto. Anasema Kipini amemkimbia, anasema atajiua. Mwambie arudi, jamani, wayamalize. Mambo gani haya, harusi iko mlangoni!"

Afande alirudi, akaashiria spika iwashwe. Akaandika kwenye karatasi, akamwonyesha Kipini: usiseme uko wapi, usibishane. Na chini yake: akitaka kujidhuru hilo ni la hospitali na la ndugu zake, si la kukurudisha wewe.

"Mama," Kipini akasema. "Sirudi. Harusi haipo."

Pale upande wa pili kukasikika mkwaruzo, simu imechukuliwa mkononi. "Malkia," msoma mita akasema, na sauti yake ilikuwa laini, yenye machozi. "Nimekosa. Nakupenda kupita kiasi, ndilo kosa langu. Njoo nyumbani kwa mama. Uko wapi nije nikuchukue?"

Kipini alifumba macho. Sauti ile ya maua. Kila mfupa wake ulitaka kumwambia pole. "Sirudi," akasema tena, akasikia kama anayesema ni mtu mwingine.

Aliposema tena, machozi yalikuwa yamekauka.

"Unadhani nitashindwa kukupata? Mimi najua kila geti la mji huu. Najua nani ana mbwa, na nani mlango wake wa nyuma haufungi. Utalala kwa nani? Kwa huyo mnene? Kwake nilisoma mita wiki iliyopita. Na huyu mama yako mdogo niko naye hapa, nimekaa naye, hana hata komeo la maana. Nakupa nafasi ya mwisho ya kuwa na adabu. Uko wapi?"

Alisahau, au hakujali, kwamba aliyekaa naye ana masikio.

Kipini alisimama. "Mama!" alipiga kelele. "Mama, toka nje!"

Afande alikuwa ameshashika redio yake, anataja mtaa, anataja rangi ya geti aliyoandikiwa na Mama Fundi. Kwenye simu walisikia kiti kikisogezwa sakafuni. Kisha sauti ya mama mdogo, si ya kulia tena, nyembamba, inayotetemeka kwa kila neno:

"Nipe simu yangu, baba."

"Kaa chini, mama."

"Nipe simu yangu. Mlango nimeshaufungua, majirani wanakuona. Mama wa duka! Njoo! Njooni wote, leteni na wanaume!" Halafu karibu na simu, kwa haraka, kama mtu anayemwambia mtoto avuke barabara, "Mwanangu, usije. Unasikia? Usije huku, hata mimi nikikuita, usije."

Simu ikaanguka. Walisikia miguu, mingi, na watu wanaulizana kuna nini, na mtu anayesema kwa upole kabisa, "Hakuna kitu, shikamooni, ni mambo ya kifamilia tu." Kisha pikipiki ikawashwa. Ikanguruma, ikaenda, ikawa ndogo, mpaka ikabaki kelele ya majirani peke yake.

Afande alisema gari limekaribia. Alisema mama mdogo ataletwa hapa hapa, na usiku huu wote wawili watalala mahali ambapo hata Mama Fundi hataambiwa. Mama Fundi akakubali kwa kichwa, akalipanga lile gauni jeupe juu ya benchi, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Kipini aliketi ukutani, mahali penye kuona mlango. Nje ilipita pikipiki, na nyingine, na kila iliyopita aliisikiliza mpaka mwisho wa barabara.